Kuhamisha kichwa kutoka fremu moja hadi nyingine: maswali kuhusu macho yanayopotea na shingo inayokataa

Majibu haya yanamhusu mpiga picha wa harusi na shughuli za kifamilia. Ana fremu kadhaa za kundi lile lile, na ile iliyo bora ina mtu mmoja aliyefumba macho. Anataka kukitoa kichwa cha mtu huyo kwenye fremu nyingine na kukipachika hapo. Kukata na kubandika kunajulikana na wengi. Kinachoshinda ni kwamba kazi ikishakamilika, mtu yule anaonekana anamtazama jirani, au kichwa chake kinaonekana kama kimewekwa juu ya mabega ya mtu mwingine.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni huu: picha ya ukoo ya watu 11 mbele ya ukumbi, lenzi ya milimita 35, kamera ya fremu kamili yenye picha za pikseli 6000 kwa 4000, kundi likiwa umbali wa mita 4. Shangazi wa bibi harusi, aliyesimama katikati, amefumba macho katika fremu tuliyoichagua. Tuiite fremu A. Katika fremu B macho yako wazi na tabasamu ni zuri, lakini kichwa kimelalia bega, na macho yamevutwa na simu ya ndugu mmoja aliyekuwa anapiga picha pembeni.

Kwenye fremu aliyotoka alikuwa anatazama kamera sawasawa. Kwa nini baada ya kumhamisha anaonekana anatazama pengine, wakati sijagusa macho?

Kwa sababu anayeitazama picha hasomi macho peke yake. Anasoma macho pamoja na uelekeo wa uso, kisha anatoa hukumu moja. Mwanasayansi Mwingereza William Hyde Wollaston alilionyesha hili mwaka 1824 mbele ya Royal Society ya London. Alitumia michoro ya nyuso, akaacha macho yale yale bila kuyagusa, na akabadilisha sehemu ya chini ya uso ili pua ielekee upande mwingine. Macho yakaonekana yamegeuka kufuata pua.

Mhariri wa picha hufanya jaribio hilo kila anapopachika uso, hata kama hajakusudia. Ukichukua macho na pua tu na kuacha taya na masikio ya fremu A, na kichwa cha fremu A kilikuwa kimegeuka kidogo zaidi kuliko cha fremu B, umemwekea macho yenye uelekeo mmoja ndani ya kichwa chenye uelekeo mwingine. Ndiyo maana mimi hushauri kuhamisha kichwa kizima, pamoja na masikio, nywele au mtandio, na sehemu ya juu ya shingo. Kuhamisha uso peke yake kunafaa pale tu ambapo vichwa viwili vimekaa karibu sawa kabisa.

Jambo moja la kutia moyo wakati wa kupanga kazi: mtu anayetazama lenzi katika fremu B ataendelea kumtazama mwangaliaji hata ukimhamishia upande wa pili wa kundi, ilimradi kichwa na macho vimehama pamoja. Kwa hiyo kumsogeza mtu kushoto au kulia ndani ya picha si chanzo cha macho kupotea. Chanzo ni kuvitenganisha macho na kichwa, au ni macho ambayo tangu mwanzo hayakuwa yakitazama lenzi.

Nitajuaje kosa liko kwenye kichwa au kwenye macho?

Funika macho. Kwenye leya mpya juu ya picha, paka mstari mmoja wa rangi ya kijivu unaopita juu ya macho yote mawili, kisha tazama mwili, shingo, taya na pua. Ukiona bado kuna kitu kinakera, kosa ni la kichwa, na hakuna haja ya kuanza kuchezea macho. Ukiona kichwa kimetulia vizuri juu ya mabega, ondoa mstari na ushughulikie macho.

Kisha igeuze picha nzima kama kwenye kioo, katika Photoshop kwa `Image > Image Rotation > Flip Canvas Horizontal`. Jicho lako limeshaizoea picha baada ya saa nzima ya kuifanyia kazi, na kuigeuza kunaliamsha. Kichwa kilichopinda nyuzi 3 ambacho ulikuwa hukioni kitaonekana mara moja. Usisahau kuirudisha.

Utaratibu huo, kichwa kwanza na macho baadaye, usiuvunje. Ukirekebisha macho kabla ya kichwa, utakapokizungusha kichwa hukumu ya macho itabadilika na utarudia kazi yote.

Nina fremu nyingi za kuchukulia kichwa. Nichague ipi?

Wengi huchagua kwa tabasamu. Mimi huchagua kwa pua. Kichwa kina njia tatu za kusogea, na si zote zinarekebishika. Kinaweza kulala upande, sikio likikaribia bega. Kinaweza kugeuka kushoto au kulia, kama mtu anayesema hapana. Na kinaweza kuinuka au kuinama, kama mtu anayeitikia. Kulala upande ndiko pekee unakoweza kukurekebisha kwa uhakika, kwa sababu kunafanyika kwenye bapa lile lile la picha: ukizungusha leya, umezungusha kichwa. Kugeuka na kuinama kunabadilisha sehemu za kichwa ambazo kamera iliziona. Sikio lililojificha nyuma ya shavu halimo kwenye faili, na hakuna kuvuta kutakakolileta.

Kwa hiyo weka fremu zako ubavuni kwa ubavu na uangalie mambo mawili. La kwanza ni umbali kutoka ncha ya pua hadi ukingo wa shavu la kushoto na hadi ukingo wa shavu la kulia. Uwiano huo ukifanana na wa fremu A, kugeuka kunalingana. La pili ni masikio yakilinganishwa na macho. Mtu akiinamisha kichwa, masikio hupanda juu kuhusiana na macho. Akiinua kidevu, masikio hushuka na matundu ya pua huonekana zaidi. Kama masikio yamefunikwa na ushungi, tumia matundu ya pua na umbali kati ya mdomo na kidevu.

Fremu yenye tabasamu la wastani na pua inayolingana itakupa picha nzuri zaidi kuliko fremu yenye kicheko cha kupendeza na pua inayotazama mlango.

Kichwa kimelala upande. Nakizungusha vipi bila kuharibu shingo?

Turudi kwa shangazi. Chukua `Ruler Tool` na uvute mstari kutoka kona ya nje ya jicho moja hadi kona ya nje ya jicho la pili, daima kuanzia kushoto kwenda kulia ili alama ya pembe isikuchanganye. Sehemu ya juu ya skrini, herufi `A` inakupa pembe. Fremu A inasoma nyuzi 2. Fremu B inasoma nyuzi 8 kwa upande ule ule. Tofauti ni nyuzi 6, na hicho ndicho kiasi cha kuzungusha. Macho yaliyofumbwa bado yana kona, kwa hiyo kipimo hiki kinafanya kazi hata kwenye fremu ambayo mtu amefumba.

Kata kichwa kutoka fremu B kwa ukarimu, ukichukua na kipande cha shingo na kola, kisha kiweke kwenye fremu A na uchague `Convert to Smart Object`. Hatua hii ni ya lazima. Kila unapozungusha leya ya kawaida, programu huzipanga pikseli upya na picha hulainika kidogo. Ukizungusha mara nne ukitafuta pembe, uso unabaki laini kuliko nyuso nyingine kumi zilizo karibu nao. Ndani ya `Smart Object` unaweza kubadili pembe unavyotaka, na hesabu hufanyika mara moja tu kutoka kwenye faili halisi.

Sasa bonyeza `Ctrl+T`. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Programu huweka kitovu cha mzunguko katikati ya boksi, yaani karibu na pua. Kichwa cha binadamu hakizunguki kwenye pua; kinazunguka pale fuvu linapokaa juu ya shingo, karibu na usawa wa ndewe za masikio. Katika matoleo mapya ya Photoshop alama ya kitovu imefichwa, kwa hiyo weka tiki kwenye kisanduku chake upande wa kushoto wa mstari wa juu, kisha iburute alama hadi juu ya shingo, chini kidogo ya ndewe. Halafu andika pembe.

Tofauti yake si ndogo. Kati ya macho na kitovu hicho kuna kama sentimita 10. Kwa nyuzi 6, macho yanapaswa kusogea pembeni karibu sentimita 1, ambayo kwenye picha yetu ni kama pikseli 15. Ukizungusha kwenye pua, macho yanabaki palepale na badala yake shingo inasukumwa upande wa pili. Kola haikutani tena na shingo, na unaanza kupambana na mshono ambao haukupaswa kuwepo.

Baada ya hapo weka `Layer Mask` na upitishe mpaka mahali ambapo tayari pana mstari wa asili: chini ya taya penye kivuli, kwenye ukingo wa kola, au kwenye mkunjo wa mtandio. Ngozi tupu ya shingo iepuke ukiweza. Msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga huonyesha mtu amegeukia wapi, na mshono ukiukata katikati shingo inaonekana imevunjika hata kama rangi zinalingana kabisa.

Nimezungusha vizuri na shingo imekaa, lakini bado kuna kitu hakikubali. Ni nini?

Tazama hereni. Hereni za kuning'inia hufuata uzito, hazifuati kichwa. Katika fremu B shangazi alikuwa amelaza kichwa, na hereni zake zilining'inia wima kuelekea ardhini. Ulipozungusha kichwa nyuzi 6, ulizizungusha na hereni, na sasa zote mbili zinaelea upande mmoja kana kwamba upepo unavuma kwake peke yake. Anayetazama hatasema ni hereni. Atasema picha ina kitu.

Kata kila hereni kwenye leya yake, weka kitovu cha mzunguko kwenye tundu la sikio, na uirudishe nyuzi 6. Sehemu iliyobaki wazi kwenye ngozi ya shingo izibe kwa `Clone Stamp Tool`. Kagua pia kivuli cha hereni shingoni, kwa sababu nacho kinapaswa kusogea.

Hali ni hiyo hiyo kwa ncha ya mtandio inayoning'inia, kwa mkufu ulioingia ndani ya mkato wako, na kwa nywele ndefu zilizoachwa huru. Kofia na kilemba havina shida hii kwa kuwa vimekaa juu ya kichwa na vinakwenda nacho.

Kitu cha pili ni mwanga. Kivuli kilicho chini ya pua kinaonyesha jua liko wapi, na ukizungusha kichwa umekizungusha nacho. Kwa nyuzi 6 hakuna atakayegundua. Ukipita nyuzi 10 au 12 mchana wa jua kali, kivuli cha pua yake kitaelekea tofauti na vya jirani zake. Katika hali hiyo naona ni bora kumwacha amelaza kichwa kidogo kuliko kumnyoosha kabisa. Watu hulaza vichwa kwenye picha. Hakuna sheria kwamba macho yote ya ukoo yawe kwenye mstari mmoja. Unachohitaji ni kichwa kinachokubaliana na mabega yale.

Na kama kichwa kimegeuka au kimeinama, `Warp` haiwezi kusaidia?

Inasaidia kidogo sana. Ncha ya pua imetokeza mbele ya macho kwa kama sentimita 3. Mtu akigeuka nyuzi 10, ncha hiyo husogea karibu milimita 5 ukilinganisha na macho, na kwenye picha yetu hizo ni pikseli 7 au 8. Ukiwa na tofauti ya nyuzi 3 au 4 unaweza kuingia `Filter > Liquify`, ukachukua brashi kubwa kuliko pua yenyewe, na kuisogeza ncha pikseli 2 au 3, kisha ukapunguza kidogo shavu la upande inakoelekea. Brashi ndogo inaacha mawimbi, kwa hiyo iwe kubwa na uisukume mara moja.

Tofauti ikifika nyuzi 10, acha. Utaisogeza pua, lakini kivuli chake kitabaki cha uso wa zamani, upana wa tundu moja la pua hautabadilika, na sikio ambalo lingepaswa kuanza kujificha litaendelea kuonekana lote. Tafuta fremu nyingine.

Kuna wanaogeuza kichwa chote kama kwenye kioo ili mtu aliyetazama kushoto atazame kulia. Siipendi njia hii kwa picha za familia. Mwanga unageuka upande, mkato wa nywele unahama, kipini cha pua kinahamia tundu la pili, na uso wenyewe haulingani pande mbili. Mgeni hatagundua. Mume wake na watoto wake watagundua, na hao ndio wanaoinunua picha.

Kichwa sasa kiko sawa, lakini macho bado yanaitazama simu ya pembeni. Nayarudisha vipi kwenye lenzi?

Anza kwa kujua ni kiasi gani, kwa sababu kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ndugu mwenye simu alisimama mita 1 kulia kwa mpiga picha, na kundi lilikuwa mita 4 mbele. Hiyo ni pembe ya nyuzi 14. Mboni, na hapa nina maana ya duara lote la rangi pamoja na kitundu cheusi cha katikati, ina upana wa karibu milimita 12, na iko kama milimita 10 mbele ya kitovu ambacho jicho linazungukia. Kwa nyuzi 14 mboni inasogea takriban milimita 2.4, yaani moja ya tano ya upana wake. Kwenye picha yetu mboni ina upana wa pikseli 17, kwa hiyo kosa lote linalomfanya shangazi aonekane hayuko nasi ni pikseli 3 au 4.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba kila nyuzi 10 ni takriban asilimia 15 ya upana wa mboni. Pima mboni kwanza, kisha sogeza kwa hesabu. Ukisogeza kwa kubahatisha utapitiliza.

Kuza picha hadi asilimia 300 au 400. Zungushia mboni ya jicho moja kwa `Lasso Tool`, ukiacha ukingo mdogo wa weupe pande zote, na bonyeza `Ctrl+J` ili ikae kwenye leya yake. Kwenye leya mpya iliyo chini yake, jenga weupe wa jicho pale mboni ilipokuwa, ukichota kutoka weupe wa jicho lile lile. Kisha rudi kwenye leya ya mboni, shika `Move Tool`, na ubonyeze mshale wa kibodi mara tatu kuelekea upande unaotaka. Kila bonyezo ni pikseli 1. Mwisho, tumia maski kuificha sehemu yoyote ya mboni iliyopanda juu ya kope.

Fanya vivyo hivyo kwa jicho la pili, kwa idadi ile ile ya pikseli. Jicho moja likisogea 3 na jingine 5, utakuwa umempa makengeza.

Kwa watu wengi wa kwetu mboni ni ya kahawia iliyokolea, na kwenye picha ya kundi haitofautiani na kitundu cheusi cha katikati. Anayetazama anapima uelekeo kwa weupe ulio kushoto na kulia kwa lile duara jeusi. Kwa hiyo nguvu zako ziweke kwenye weupe. Usiufanye mweupe kama karatasi. Weupe halisi wa jicho una ukijivu, unaingia giza kwenye kona, na juu kabisa una kivuli cha kope. Kivuli hicho kikipotea, jicho linatoka nje.

Ule mng'ao mdogo wa mwanga ndani ya jicho uende na mboni?

Uende nusu ya njia. Mng'ao ni taswira ya flashi au ya anga kwenye kioo cha jicho, na jicho linapozunguka mng'ao husogea karibu nusu ya mwendo wa mboni. Ukisogeza mboni pikseli 4, sogeza mng'ao 2. Ukiubeba wote na mboni, macho yanakuwa na mwanga unaotoka mahali tofauti na wa jirani zake. Kwenye picha ya kundi kama hii kosa la pikseli 1 halina madhara. Kwenye picha ya mtu mmoja iliyokaribia uso, ambako mboni ina pikseli 100 na zaidi, utalazimika kuufuta mng'ao na kuupachika upya kwenye leya yake.

Macho yanatazama chini badala ya pembeni. Naweza kutumia njia hiyo hiyo?

Hapana, kwa sababu kope la juu husogea pamoja na jicho. Mtu akitazama chini, kope linashuka. Akitazama juu, linapanda. Ukiinua mboni bila kuinua kope, inajificha nyuma ya kope na mtu anaonekana ana usingizi. Ukiishusha bila kope, weupe unatokea juu ya mboni na mtu anaonekana ameshtuka. Katika hali ya kawaida kope la juu linafunika ukingo wa juu wa mboni, na kope la chini linagusa ukingo wa chini. Linganisha na hapo.

Kwa makosa ya juu na chini, tafuta fremu ya tatu ambayo macho yalikuwa sahihi, hata kama mdomo ulikuwa wazi kwa maneno. Chukua jicho lote na kope zake zote mbili, kuanzia chini ya nyusi hadi juu ya shavu, ulizungushe kwa tofauti ya pembe uliyopima kwa `Ruler Tool`, na uweke kwenye kichwa ulichokwisha kukirekebisha. Angalizo moja: mtu anayecheka hukunja ngozi ya chini ya macho. Macho yaliyotoka kwenye uso mtulivu hayatakubaliana na mdomo unaocheka.

Kama amevaa miwani?

Kihamishe kichwa na miwani yake, na usijaribu kuchukua macho peke yake. Lenzi za miwani husogeza ukingo wa uso unaoonekana kupitia kwake, na mng'ao ulio juu ya kioo unategemea pembe ya kichwa. Kuzungusha nyuzi chache pamoja na fremu ya miwani hakuna tatizo.

Sina Photoshop. GIMP inatosha?

Kwa kazi hii inatosha. Pembe inapimwa kwa `Measure`. Zana ya `Rotate`, ambayo ni `Shift+R`, inakuruhusu kuburuta kitovu cha mzunguko hadi shingoni, na kusukuma pua kunafanywa na `Warp Transform`. Weka leya ya akiba ya kichwa ambayo hujaigusa, na kila unapotaka pembe tofauti, anza na hiyo badala ya kuzungusha juu ya iliyozungushwa.

Nifanye nini siku ya kupiga ili nisifike huku?

Tatizo kubwa kwenye harusi zetu ni simu. Mpiga picha anapanga ukoo, na pembeni yake kuna watu wengine watano wenye simu, kila mmoja akiita "hapa, hapa". Kwenye fremu moja unapata macho yanayotazama pande nne. Tangaza kwa sauti na kwa heshima: simu zipige kwanza, halafu zishuke, halafu kamera. Anayeng'ang'ania, mwombe asimame nyuma yako kabisa, simu yake ikiwa juu ya kichwa chako. Akiwa pale, pembe kati ya simu na lenzi inabaki ndogo, na atakayeitazama simu ataonekana karibu anatazama lenzi.

Usihame mahali uliposimama kati ya fremu na fremu, na usibadilishe zumu. Hatua moja ya nusu mita pembeni, kundi likiwa mita 4, ni nyuzi 7 za kugeuka kwa kila kichwa ukilinganisha na mwili wake, na tumeshaona kwamba kugeuka hakurekebishiki vizuri. Tumia staendi ukiweza. Piga kwa mfululizo, na baada ya kila mtu kudhani mmemaliza, piga nyingine mbili au tatu. Vichwa huwa vimenyooka hapo, kwa kuwa watu wameacha kujipanga.

Nitajuaje kazi imekamilika?

Punguza picha hadi ukubwa itakaochapishwa, kwa mfano sentimita 20 kwa 30, na uitazame kwa umbali wa mkono. Makosa ya macho huonekana vizuri zaidi ikiwa ndogo kuliko ukiwa umekuza asilimia 400, kwa sababu ndivyo watu watakavyoiona ukutani. Kisha mwite mtu ambaye hakukuona ukifanya kazi. Usimwambie kuna kichwa kilichohamishwa. Muulize nani katika picha hii hatazami kamera. Akimtaja shangazi, rudi kwenye macho. Akimtaja mjomba aliyesimama nyuma, ambaye hukumgusa kabisa, umemaliza.

Ninaweza kufanya hivi kwa picha yoyote?

Kwa picha ya familia, ndiyo, kwa ridhaa ya wenyewe, nami huwaambia wateja kabla ya kuanza. Kwa habari, hapana. Shirika la Associated Press haliruhusu kuongeza wala kuondoa kitu ndani ya picha, na shindano la World Press Photo huziondoa picha za namna hiyo. Picha ya pasipoti au ya kitambulisho pia usiiguse. Mwite mtu akae tena mbele ya kamera.